Hizi modeli za picha zinaona video na GIF kweli, au zinaona picha moja halafu zinatubahatishia?

mganga_wa_kuku (Kibaha)
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mtu wa mifugo, nina duka la dawa na chakula cha kuku, siyo mtu wa kompyuta kabisa, hii laptopu mpwa wangu ndo kaniwekea modeli inaitwa LLaVA 1.5 inayofanya kazi bila bando. Unaipa picha unaiuliza swali inajibu. Kwa picha za kinyesi na vidonda vya ndui imenisaidia kuandika maelezo haraka, sikatai.

Sasa juzi mteja kanitumia klipu ya sekunde 12, kuku wa mayai kichwa kinamtetemeka, mara shingo inajipinda kwa nyuma, anazunguka kama kalewa. Programu imekataa video, nikaigeuza ikawa GIF, ikakubali bila shida. Nikauliza huyu kuku ana nini. Jibu: kuku wa kahawia amesimama kwenye maranda, anaonekana mwenye afya njema. Afya njema!! Kuku mwenyewe kafa kesho yake asubuhi.

Swali langu ni hili, hii modeli inaweza video au ni ya picha tuli tu? Na kama haiwezi mbona GIF imeikubali?

chalii_86
Mkuu hakuna modeli inayoona video, zote ni za picha tuli, wanaokuambia inaona video wanakuuzia mbuzi kwenye gunia. Video yenyewe ni picha nyingi tu, 30 kwa sekunde. Toa fremu zote uzitupie humo zitajumlishwa, mbona rahisi

mama_tunu
Modeli gani ya simu hiyo? Mimi yangu Tekno ya mwaka juzi inacheza video vizuri tu na GIF za salamu za ijumaa zinacheza zenyewe. Labda simu yako imejaa

mganga_wa_kuku
Dada yangu siyo modeli ya simu, ni programu inayoangalia picha na kujibu maswali. Lakini asante

fundi_terminali
Shikamoo mzee mganga. Tuanze na GIF maana hapo ndo umeibiwa bila kujua.

Faili la GIF lina fremu nyingi ndani lakini programu nyingi za modeli zinalifungua kwa maktaba ya picha ya kawaida, na maktaba ikifungua inasimama kwenye fremu ya kwanza. Haigombi, haitoi onyo, inakabidhi hiyo moja na safari imeisha. Kwa hiyo modeli yako haikudanganya, imeona kuku kabla hajaanza kutetemeka. Muombe mpwa wako aendeshe hii:

```python
from PIL import Image
im = Image.open("kuku.gif")
print(im.n_frames, im.tell())
im.convert("RGB").save("alichoona.jpg")
```

Namba ya kwanza ni idadi ya fremu zilizomo, ya pili ni ile aliyosimama nayo. Halafu ifungue hiyo alichoona.jpg uiangalie kwa macho yako, usimuulize mtu.

Na kingine, GIF unazopokea wasap mara nyingi siyo GIF, ni mp4 isiyo na sauti, ila stika zinazocheza ni webp. Webp nayo ukiifungua kizembe unapata fremu ya kwanza tu, ugonjwa ni uleule. Kwangu programu ya ffmpeg iligoma kuzisoma hizo stika, nikazitoa kwa Pillow, maktaba ileile ya hapo juu.

mganga_wa_kuku
Marhaba kijana. Imetoa 120 na 0. Na hiyo picha nimeifungua, kuku kasimama wima ametulia kabisa, hata mimi ningesema mzima. Kumbe nilikuwa nagombana na mtu aliyeoneshwa picha ya kitambulisho.

chalii_86
si nimesema? Sasa toa zote 120 umpe, mchezo umeisha

fundi_terminali
Chalii nusu yako iko sawa. Ni kweli modeli hizi hazipokei video kama mto, zinapokea fremu. Ila "mpe zote" ndo pagumu.

LLaVA 1.5 inaikunja kila picha iwe pikseli 336 kwa 336 halafu inaikatakata vipande vya pikseli 14 kwa 14. Ni vipande 24 kwa upana na 24 kwa urefu, jumla 576, na kila kipande kinakuwa tokeni moja. Nafasi yote aliyonayo kichwani, swali lako na jibu lake vikiwemo, ni tokeni 4,096. Piga hesabu: picha saba zinakula 4,032, zinabaki 64 za swali na jibu, hapo hata salamu haitoshi. Fremu 120 ni tokeni 69,120. Hazipiti mlangoni, programu itagoma au itakata bila kukuambia, na wakikata huwezi kujua wamekata wapi.

Halafu huyu wa 1.5 kafunzwa kwa picha moja moja. Hata ukimpa tano hakuna aliyemfundisha kwamba ya pili imekuja baada ya ya kwanza.

Ujanja wa masikini ni kuzipanga fremu kwenye gridi iwe picha moja. Klipu yako ni sekunde 12, ukichukua fremu tatu kila sekunde nne unapata 9:

```
ffmpeg -i kuku.mp4 -vf "fps=3/4,scale=112:112,tile=3x3" -frames:v 1 gridi.jpg
```

Namba 112 nimeichagua makusudi, mara tatu inatoa 336 kamili. Lakini ona gharama yake, kila kuku sasa anapata vipande 64 tu badala ya 576. Kichwa cha kuku kwenye video iliyopigwa kutoka mbali kitaangukia kwenye kipande kimoja au viwili. Ndo maana ukate kwanza sehemu ya kichwa na shingo kwa crop, halafu ndo upange.

daktari_pilipili
Samahani naingilia. Mimi ni daktari wa mifugo na hili swali lina upande wenu na upande wetu. Kuna magonjwa yanakaa kwenye picha tuli vizuri tu. Mahepe kwa mfano, kuku kalala mguu mmoja mbele mwingine nyuma, hiyo ni mkao, haihitaji video, picha moja nzuri inatosha kunishtua. Kideri kikishaingia kwenye mishipa ya fahamu, shingo kujipinda ni mkao pia unaweza kuupiga picha. Kutetemeka siyo mkao. Huwezi kupiga picha ya kutetemeka, unapiga picha ya kuku.

Na kukoroma kunakaa kwenye sauti. Ukigeuza klipu kuwa GIF umeitupa sauti yote, GIF haina sauti. Kwa hiyo mzee mganga ulitupa vitu viwili kwa mkupuo, mwendo na sauti, ukabaki na rangi ya manyoya.

Na tafadhali msitoe hukumu ya kideri kwa klipu, iwe kwa macho yenu au ya mashine. Sampuli iende maabara.

mganga_wa_kuku
Daktari nimekuelewa na mzoga ulishapelekwa, majibu bado. Hapa natafuta kitu cha kunipangia klipu, zipi nizifuate haraka, maana kwa siku zinakuja hadi 30 na bodaboda ni moja.

Leteni vicheko. Nimefanya gridi alivyosema fundi. Jibu: "kuku tisa wamesimama kwenye vizimba tofauti, wote wanaonekana wenye afya." TISA. Amenitilia bandani kuku nane zaidi bila kutotolesha.

chalii_86
😂😂😂 mzee umepanua mradi

fundi_terminali
Hiyo ni ya kawaida, kosa langu sikukuambia. Gridi kwake ni picha moja yenye vitu tisa. Mwambie kwenye swali: huyu ni kuku mmoja, picha zimepangwa kwa muda kutoka kushoto kwenda kulia kisha mstari unaofuata, eleza nini kinabadilika kati ya ya 1 na ya 9. Na uandike namba kwenye kila chumba ukiweza, zinamsaidia kukutajia.

mganga_wa_kuku
Nimemaliza saa nane ya usiku mama wa nyumbani kashaanza kunitolea macho. Nimekata kichwa na shingo, nimepanga upya, nimemwambia ni mmoja. Safari hii kasema shingo imepinda kuelekea nyuma kwenye ya 5, ya 6 na ya 7. Ni kweli! Nimehakikisha. Lakini kutetemeka hakusemi hata nikimuuliza mara tatu, na nilipomuuliza "je anatetemeka?" akasema ndiyo anatetemeka. Nikachukua klipu ya kuku mzima nikauliza swali lilelile, akasema ndiyo anatetemeka. Sasa huyo ni wa kumuamini?

fundi_terminali
Hapana, hapo anakubaliana na swali lako, haangalii kuku. Umefanya jambo la maana sana kumpa na kuku mzima, wengi wanaishia kwenye ndiyo ya kwanza wanashangilia.

Sababu ya kutouona mtetemo ni hii. Umechukua fremu moja kila sekunde na kitu. Kichwa cha kuku mgonjwa kinakwenda huku na huku mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Kati ya fremu mbili zako kimeenda na kurudi mara nyingi, wewe umekamata sehemu mbili za bahati. Umeshaona kwenye video feni ya darini inaonekana kuzunguka kinyumenyume? Kamera inachukua picha kwa mwendo wake na feni inakwenda kwa mwendo wake, ukiunganisha unapata hadithi ya uongo. Kutetemeka ni hivyohivyo, fremu chache zinakupa ama kichwa kimetulia ama kimegeuka taratibu.

daktari_pilipili
Hata kuhesabu pumzi basi. Mimi huwa naangalia kifua na tumbo vinavyopanda. Kuku akipumua mara 30 kwa dakika ni pumzi moja kila sekunde mbili. Ukiwa na fremu moja kwa sekunde upo ukingoni kabisa, na akiwa na homa anahema kwa haraka umepotea, utakuta kila fremu kifua kimepanda useme amejaa gesi.

fundi_terminali
Umeniwahi daktari, ndo hivyo hasa.

Sasa nimjibu chalii pale aliposema hakuna modeli ya video. Zipo zilizofunzwa kwa video. Qwen2-VL ya 2024 kwa mfano, ina ndogo ya 2B na ya 7B ambayo kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inaibeba. Yenyewe fremu inazichukua mbilimbili, zinashonwa pamoja kabla hazijawa tokeni, na kila tokeni inabeba alama ya muda pamoja na alama ya mahali. Kinachonifurahisha, picha tuli nayo inaichukulia kama fremu mbili zinazofanana, yaani kwake picha ni video iliyoganda. Na Gemini za Gugo zinapokea faili la video na sauti yake, kwa kawaida zinachukua fremu moja kwa sekunde, na kwa zile za toleo la 2.0 ni tokeni 258 kwa fremu na 32 kwa kila sekunde ya sauti. Klipu ya mzee ingekula kama 3,500 hivi, ni kidogo.

Ila someni tena hapo: fremu MOJA kwa sekunde. Qwen mazoea yake ni mbili. Kwa hiyo umemtoa mzee kwenye picha tuli ukampeleka kwenye modeli ya video na mtetemo bado haonekani! Kwa mpishi anayekata vitunguu au mtu anayeingia dukani inatosha, kwa kichwa cha kuku haitoshi. Inabidi uongeze mwenyewe, zote mbili zinaruhusu. Kwa Qwen unaandika hivi:

```
{"type": "video", "video": "kichwa.mp4", "fps": 8.0, "max_pixels": 151200}
```

Na usimpe sekunde 12. Kata sekunde 3 zile anazotetemeka, ziwe fremu 24, zikishonwa mbilimbili ni 12, kila moja tokeni kama 190, jumla hazifiki 2,400. Kuliko klipu ndefu ya fremu chache, kwa kazi yako bora kipande kifupi chenye fremu za kubanana. Na simu usiishike mkononi, iegemeze kwenye debe, maana mkono ukicheza na banda zima linatetemeka.

mwalimu_wa_ishara (Nakuru)
Hamjambo wadau. Nimesoma hii yote nikiwa na swali langu, msinifukuze. Mimi hufunza watoto viziwi, Lugha ya Ishara ya Kenya. Kuna jamaa alikuja shuleni na programu eti itatafsiri ishara ziwe maandishi. Alituonyesha na picha za herufi za vidole, A, B, C, na kweli ilizijua karibu zote, watu wakapiga makofi. Halafu mtoto mmoja akaiambia sentensi ya kawaida tu na ikanyamaza, ikasoma herufi moja katikati. Sasa naelewa. Herufi nyingi ni mkao, kama huyo kuku wenu wa mguu mbele. Sentensi ni mwendo. Ishara ya kupa, mkono ukitoka kwangu kwenda kwako ni nakupa, ukitoka kwako kuja kwangu ni unanipa. Mkono ni uleule, vidole vilevile. Fremu ya katikati huwezi kujua nani anapewa.

Swali ni, hizo za video mnazosema, zinajua kilichotangulia ni kipi?

fundi_terminali
Mwalimu umegusa penye mfupa. Kujua fremu ipi ilitangulia na kutumia hiyo habari ni vitu viwili. Modeli nyingi zikiona fremu chache zinabahatisha kwa vitu vilivyomo: kuna kikombe, kuna birika, basi mtu anamimina chai. Hata ukizichanganya fremu jibu linabaki chai, kwa sababu hakuhitaji mpangilio.

Kipimo rahisi ninachotumia mimi. Piga video ya mlango wa banda ukifunguliwa, sekunde nne. Igeuze nyumanyuma:

```
ffmpeg -i mlango.mp4 -vf reverse -an kinyume.mp4
```

Uliza kila moja kwenye maongezi mapya, "mlango unafunguliwa au unafungwa?" Akisema unafunguliwa kwa zote mbili basi haoni mwendo, anaona mlango. Usifanye mara moja, fanya na droo, na mfuniko wa sufuria, na mtu anayekaa kitini.

Kwa lugha ya ishara mimi nisingethubutu kusema ipo tayari. Ishara zinakwenda haraka, fremu 8 zinaweza kuruka kitu, na uso nao unasema.

chalii_86
Ok nimekubali zipo. Ila kuna apu moja ya kulipia wameandika "inaelewa video", nitajuaje inachukua fremu ngapi? wao hawasemi

fundi_terminali
Zamani nilikuwa natumia video ya saa inayohesabu sekunde, nikakoma. Ukimuonesha 1, 3, 5 atakuambia ameona 1 mpaka 5, kuhesabu anajua. Tumia kitu kisichotabirika. Chukua karata, zichanganye, tupa 20 mezani moja juu ya nyingine, mbili kila sekunde, ile ya juu iifunike kabisa ya chini, la sivyo fremu ya mwisho itamuonesha zote. Muombe azitaje kwa mpangilio. Akitaja kumi na zinarukaruka moja baada ya moja, hiyo ni fremu moja kwa sekunde.

mama_tunu
Kumbe karata zina kazi nyingine. Sasa mimi nina swali, hiyo inaweza kuangalia video za kamera ya dukani kwangu ikaniambia nani anachukua soda bila kulipa?

daktari_pilipili
Mama Tunu kwa fremu moja kwa sekunde mwizi anayejua kazi yake anamaliza katikati ya fremu mbili 😅

chalii_86
Nimerudi. Nimetupa karata 20. Imetaja 11. Kumi ni za kweli na kila baada ya moja imerukwa moja, kama fundi alivyosema. Ya kumi na moja ni kopa saba, na kopa saba sikuitupa kabisa ilikuwa bado mkononi kwangu. Nimelipia mwezi mzima.

mganga_wa_kuku
Ya kwangu. Mpwa kaweka Qwen2-VL ya 2B kwenye mashine ya rafiki yake. Mlango: wa kawaida kasema unafunguliwa, wa kinyume kasema unafungwa. Droo: zote mbili inafunguliwa. Sufuria kapatia. Kuku mgonjwa sekunde 3, fremu 8 kwa sekunde: "kichwa kinatikisika huku na huku mara kwa mara." Sikumdokezea neno kutetemeka. Kuku mzima anayedonoa: "kichwa kinatikisika huku na huku mara kwa mara." Haya.

fundi_terminali
Kudonoa nako ni kichwa kwenda na kurudi mzee, kwa fremu 8 vinaweza kufanana. Jaribu fremu 15 kwa kila sekunde, kipande cha sekunde mbili, na umpe kuku mzima aliyetulia hadonoi. Kama bado anasema vilevile basi hiyo ndogo ya 2B haiwezi na usihangaike nayo.

mwalimu_wa_ishara (Nakuru)
Na mimi nitajaribu ile ya kupa, kwa mikono yangu kisha niigeuze nyumanyuma. Kama itasema kitu kimoja kwa zote nitawaambia hapa.

mganga_wa_kuku
Kesho asubuhi nikimaliza kulisha. Kwa sasa klipu nazipanga hivi: za mkao naipa gridi, za kutetemeka na za kukoroma naziangalia mwenyewe, leo zimekuwa tisa tu. Maabara wamepiga simu, ni kideri.